Fimbo ya ethi kwenye udongo mkavu: kopa, galvanaizi au chuma kilichovikwa kopa?

Mwenye nyumba wa Lyamkena anayeshuka Makambako mjini kununua vifaa vya waya huwa ameandikiwa na fundi orodha yenye neno moja tu kuhusu usalama wa nyumba nzima: ethi. Dukani neno hilo linageuka kuwa fimbo tatu. Ya kwanza ni kopa tupu, nyekundu na nzito, na bei yake ni mara kadhaa ya nyingine. Ya pili ni ya kijivu, chuma kilichochovywa kwenye zinki, ambacho mafundi hukiita galvanaizi. Ya tatu inang'aa kama ya kwanza, lakini ndani yake ni chuma kilichovikwa kopa. Zote huwa na urefu wa futi nne hivi, na kila moja ina mtetezi wake.

Mmoja anasema bila kopa tupu hakuna ethi. Mwingine anasema hiyo ni kutupa pesa, kwani galvanaizi imetumika miaka yote. Wa tatu anasema fimbo yoyote inafaa ilimradi shimo lijazwe chumvi na mkaa. Mteja anaondoka na ile ambayo mfuko wake umeiruhusu, akiamini kwamba ama amenunua usalama kamili ama ameupunguza. Imani zote mbili zina kasoro, kwa sababu ubishi wa dukani umechanganya maswali mawili ambayo majibu yake ni tofauti: fimbo itapitisha umeme kiasi gani leo, na itadumu ardhini miaka mingapi.

Mahali penyewe panalifanya suala hili kuwa zito. Makambako iko kwenye nyanda za juu, mahali penye upepo mwingi, na mwaka wake umegawanyika wazi. Mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo, kuanzia Juni hadi Oktoba, udongo wa juu hukauka, hupasuka na kuwa mgumu kama tofali. Fimbo iliyopigwa Februari kwenye tope itakuwa na kazi tofauti kabisa mwezi Septemba.

## Ethi ya nyumbani inafanya nini

Umeme wa TANESCO unaofika kwenye nyumba ya kawaida huja kwa nyaya mbili, fezi na niutro, kwa volti 230. Niutro imeunganishwa na ardhi kule kwenye transfoma. Waya wa tatu, ule wa ethi, mara nyingi hauletwi kutoka kwenye nguzo, hivyo nyumba hujitengenezea wake kwa kupigilia fimbo uani na kuiunganisha na meni swichi, na kutoka hapo hadi kwenye tundu la tatu la kila soketi.

Fezi ikigusa bodi ya pasi, friji au birika la umeme, umeme unapaswa kutoka kwenye bodi hiyo, kupita waya wa ethi, kuingia ardhini kupitia fimbo, na kurudi hadi transfoma kwa kupitia udongo. Ukipita mwingi wa kutosha, kifaa cha kinga kinakata. Usipotosha, bodi ya kifaa inabaki na umeme ikimngoja mtu aiguse.

Kwa hiyo njia hiyo ina sehemu tatu, yaani waya, fimbo na udongo. Ubishi wa dukani wote unahusu sehemu ya pili, ilhali kizuizi kikubwa kiko kwenye ya tatu.

## Kanuni isiyotaja metali

Mwaka 1936 mhandisi Herbert Dwight wa chuo cha MIT, Marekani, alichapisha kanuni za kukokotoa ukinzani wa vyuma vilivyozikwa ardhini, na kanuni yake ya fimbo iliyosimama wima inatumika hadi leo. Inahitaji vitu vitatu: ukinzani wa udongo wenyewe, urefu wa fimbo ulioingia ardhini, na kipenyo chake. Aina ya metali haimo kabisa.

Sababu inaonekana ukilinganisha namba. Fimbo ya kopa ya mita 1.2 yenye kipenyo cha milimita 16 ina ukinzani wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya omu moja, kutoka ncha hadi ncha. Ya chuma yenye ukubwa huo huo ina ukinzani mara kumi hivi ya huo, yaani kama sehemu moja ya elfu ya omu. Tofauti ni kubwa kwa uwiano, lakini zote mbili ni karibu na sifuri. Sasa ichukue fimbo hiyo uipige kwenye udongo mkavu wenye ukinzani wa omu-mita 300, kiwango ambacho si cha ajabu hata kidogo kwa tabaka la juu wakati wa kiangazi. Kanuni ya Dwight inatoa omu 215 hivi. Ukibadilisha chuma kwa kopa unapunguza sehemu ya elfu moja kutoka kwenye omu 215, kiasi ambacho hakuna kipimo cha fundi kitakachokiona.

Unene nao husaidia kidogo sana. Ukitumia fimbo ya milimita 12.5 badala ya 16, ukinzani unapanda kutoka omu 215 hadi kama 225. Urefu ndio wenye nguvu: fimbo ya mita 2.4 kwenye udongo uleule inashusha ukinzani hadi omu 121, na ya mita 3.6 hadi 86. Hapo bado hatujahesabu faida kubwa zaidi, kwamba chini kuna unyevu. Unyevu wa udongo ukishuka chini ya asilimia 15 hadi 20 hivi, ukinzani wake hupanda kwa kasi sana. Fimbo ya futi nne inaweza kuwa imelala yote katika tabaka lililokauka, wakati futi nne zinazofuata zingefika kwenye udongo ambao hata Oktoba hushikamana mkononi ukiufinyanga.

Jibu la swali la kwanza, basi, ni kwamba fimbo tatu za duka zenye urefu mmoja zinatoa ethi moja siku zinapopigwa.

## Nyumba moja kwa hesabu

Chukua nyumba ya vyumba vitatu Lyamkena, mwezi Septemba. Fimbo yake ni ya futi nne na ina omu 215. Tuseme ethi ya TANESCO kwenye transfoma ina omu 10. Soketi zinalindwa na sakiti breka ya ampea 32. Asubuhi moja waya wa ndani wa birika la umeme unachubuka na fezi inagusa bodi.

Umeme utakaopita ni volti 230 kugawanywa kwa omu 225, sawa na ampea moja hivi. Breka ya ampea 32 ya aina ya kawaida ya majumbani inahitaji kama ampea 160 ili ikate papo hapo. Kwa ampea moja haitakata leo, wala kesho, wala mwezi ujao. Bodi ya birika itakuwa na volti karibu 220 kulinganisha na sakafu yenye unyevu anayoikanyaga mpishi. Na kwa kuwa waya wa ethi ni mmoja kwa nyumba nzima, bodi ya friji na ya pasi nazo zitapanda pamoja.

Kopa tupu isingeokoa kitu hapo. Hata fundi hodari akipiga fimbo nyingi hadi afikie omu 10, kazi ambayo kwenye udongo huo ni ya gharama, umeme ungekuwa ampea 11 au 12, na breka bado isingekata. Ili breka hiyo ikate mara moja, njia nzima ingepaswa kuwa na chini ya omu moja na nusu. Hakuna fimbo ya nyumbani itakayofikia hapo kwenye ardhi kavu, iwe ya metali gani.

Kinachobadilisha hesabu ni kifaa kingine: breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha majaribio na maandishi 30 mA usoni. Yenyewe hulinganisha umeme unaotoka kwa fezi na unaorudi kwa niutro, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata. Viwango vya kimataifa vinataka umeme wa kukatisha kifaa, ukizidishwa kwa ukinzani wa ethi, usizidi volti 50. Gawanya 50 kwa 0.03 upate omu 1,667. Fimbo yetu ya omu 215 imo ndani ya mpaka huo kwa mbali. Hata kiangazi kikali kikiufanya ukinzani kuwa mara tatu, omu 645, volti ya bodi inayotosha kuikatisha breka haitazidi 20.

Mpaka huo usisomwe kama ruhusa ya uzembe. Wataalamu wa viwango vya Uingereza wanatahadharisha kwamba ethi inayozidi omu 200 huenda isitulie, maana udongo ukikauka zaidi au kuachana na fimbo, ukinzani unaruka bila taarifa. Fimbo yetu ya mfano tayari imevuka alama hiyo, kwa hiyo inahitaji kurefushwa. Lakini shabaha sasa inaeleweka: ethi iliyo chini ya omu 200 katika mwezi mkavu kuliko yote, na breka ya uvujaji inayofanya kazi. Hilo linawezekana kwa metali yoyote kati ya hizo tatu.

Kuna dalili moja ambayo familia huiona bila kipimo. Ampea moja inayovuja mfululizo kwa volti 230 inakula uniti tano na nusu kwa siku, zaidi ya uniti 160 kwa mwezi. Kwa mteja wa daraja la D1, ambaye bei yake nafuu inaishia kwenye uniti 75, LUKU inayoisha ghafla bila kifaa kipya nyumbani ni sababu tosha ya kumwita fundi.

## Wanaotetea kopa tupu

Hoja yao yenye nguvu ni ya uimara. Kopa hailiki haraka ardhini, haina ngozi ya kuchubuka, na waya wa ethi, ambao nao ni kopa, unaungana nayo bila ugomvi wa metali mbili. Kwenye udongo wa chumvichumvi, kando ya bahari kwa mfano, hoja hiyo ni nzito.

Lyamkena haiko kando ya bahari, na udhaifu wa kopa tupu unajitokeza pale pale panapotakiwa nguvu. Kopa ni laini. Ukiipiga nyundo kwenye ardhi ya kiangazi, kichwa kinafura kama uyoga na fimbo inapinda kabla haijafika mita moja. Fundi aliyekwama hapo ana vishawishi viwili: kukata kipande kilichobaki juu, au kuchimba shimo na kuizika. Kukata kunaondoa urefu, yaani kitu pekee kilichokuwa kikileta faida. Kuzika kwenye shimo lililojazwa udongo uliofumuliwa kunaacha mifuko ya hewa kuzunguka fimbo, na hewa haipitishi umeme. Kwa hiyo fimbo ya bei kubwa kuliko zote inaweza kuishia kutoa ethi mbovu kuliko zote, si kwa ubaya wa metali bali kwa kushindwa kuingia.

Kuna pia wizi. Kopa inauzika kwenye vyuma chakavu, na fimbo inayochungulia nyuma ya nyumba ni rahisi kung'olewa. Nyumba inabaki na waya wa ethi unaoning'inia, na wakazi hawana habari, kwani taa zinawaka kama kawaida.

## Wanaotetea galvanaizi

Galvanaizi ni nafuu, ni ngumu, inaingia ardhini bila kupinda, na hakuna anayeiiba kwa haraka. Pia ina tabia moja ambayo wauzaji wa kopa hawaitaji. Zinki ikichubuka kwa jiwe wakati wa kupigwa, zinki iliyobaki pembeni hujitoa mhanga: yenyewe ndiyo inayolika kwanza, na chuma kilichofunuliwa kinapona kwa muda. Mkwaruzo mdogo hauui fimbo ya galvanaizi.

Udhaifu wake ni umri. Kati ya 1910 na 1955 taasisi ya viwango ya Marekani ilizika ardhini sampuli 36,500 za metali na ngozi mbalimbali katika maeneo 128, na matokeo yake yalikusanywa na Melvin Romanoff katika kitabu cha 1957. Kazi hiyo ndiyo msingi wa madai ya watengenezaji wengi kwamba fimbo ya zinki hudumu miaka 10 hadi 15 na ile iliyovikwa kopa hudumu miaka 40. Madai hayo yanafaa kusomwa kwa uangalifu na mtu wa Makambako. Ni makadirio ya udongo wa kila aina, na kutu inahitaji unyevu. Udongo unaokaa mkavu nusu ya mwaka na usio na chumvi ni mpole kwa zinki kuliko kinamasi. Hali ileile inayoharibu ethi, yaani ukavu, ndiyo inayorefusha maisha ya galvanaizi.

Mahali pa kuogopa ni juu, sentimita 20 au 30 za kwanza, ambapo udongo hulowa na kukauka tena na tena, na hasa pale waya wa kopa unapofungwa. Kopa na zinki zikigusana penye unyevu, zinki inalika. Baada ya misimu kadhaa ya mvua klempu inakuwa na unga mweupe, kisha kutu nyekundu, kisha inalegea. Fimbo chini inaweza kuwa nzima kabisa ilhali nyumba haina ethi. Kwa hiyo anayetumia galvanaizi afunge waya kwa klempu iliyotengenezwa kwa ajili ya metali mbili, aweke kiungo juu ya udongo ndani ya kisanduku cha ukaguzi, akipake grisi, na kukifungua kila mwaka.

## Wanaotetea chuma kilichovikwa kopa

Fimbo hii inachukua ugumu wa chuma ndani na uvumilivu wa kopa nje. Faida yake kubwa kwenye ardhi kavu haitajwi sana dukani: zile za kiwango zina hesi kwenye ncha, hivyo fimbo moja ya futi nne ikiingia, nyingine inaungwa juu yake kwa kaplingi na kupigwa, na ya tatu ikibidi. Mita 2.4 au 3.6 zinapatikana bila ngazi na bila kuchimba. Nyundo haigongi hesi moja kwa moja. Hugonga boliti maalumu iliyofungwa kichwani, la sivyo hesi inaharibika na kaplingi haiingii.

Udhaifu wake ni ngozi yenyewe. Kiwango cha kimataifa kinataka kopa isiyopungua mikroni 250, yaani robo ya milimita. Sokoni kuna fimbo zilizopakwa kopa nyembamba kama rangi, na hizo ni mbaya kuliko galvanaizi ya kawaida. Kopa haijitoi mhanga kwa ajili ya chuma. Inafanya kinyume: ngozi ikichubuka, chuma kidogo kilichofunuliwa ndicho kinacholika, na kopa kubwa inayokizunguka inaharakisha kulika huko. Jiwe moja likikwaruza fimbo ya aina hiyo hadi chuma, kutu inaanza kuchimba pale pale kama tundu.

Kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Sumaku haishiki kopa tupu, lakini inashika fimbo yoyote yenye chuma ndani, kwa hiyo inafichua muuzaji anayeuza iliyovikwa kwa bei ya tupu. Sumaku haisemi ngozi ni nene kiasi gani, na hapo tupa ndogo inafanya kazi. Piga tupa mara mbili tatu ubavuni, karibu na kichwa ambako hakutazikwa. Kwenye fimbo nzuri bado utaona wekundu. Kwenye ile ya kupaka, weupe wa chuma unatokea kwa mkwaruzo wa kwanza. Ncha iliyokatwa nayo inasema: fimbo nzuri inaonyesha duara jekundu linaloonekana kwa macho kuzunguka chuma, na ile ya kupaka haionyeshi chochote.

## Chumvi, mkaa na ndoo ya maji

Msimamo wa wale wa chumvi na mkaa una ukweli ndani yake. Chumvi iliyoyeyuka hupitisha umeme vizuri, na ukipima ethi wiki moja baada ya kuimwaga, namba inashuka. Lakini bila maji chumvi haifanyi kitu, na maji ndiyo yanayokosekana Septemba. Yakija Desemba yanaichukua chumvi na kwenda nayo chini. Kila baada ya misimu michache kazi inarudiwa, kama kuna anayekumbuka.

Bei nyingine inalipwa na metali. Chumvi inaharakisha kutu ya zinki na ya chuma. Mkaa unaogusa fimbo ya galvanaizi unaitendea kama kopa inavyoitendea, yaani unailazimisha zinki kulika. Mtu aliyenunua galvanaizi kwa hoja kwamba udongo wake ni mkavu na mpole, kisha akaizungushia chumvi na mkaa, ameiondoa hoja yake mwenyewe. Kama lazima udongo uboreshwe, udongo wa mfinyanzi aina ya bentonaiti unashika unyevu bila kula metali. Kumwagia maji nako kunasaidia siku hiyo tu. Jambo la maana zaidi ni kuchagua mahali: chini ya tone la paa, karibu na bafu la nje au mgombani, ambako ardhi hupata maji yenyewe.

Anayejenga upya ana njia ya nne. Mwaka 1942 Herbert Ufer, akifanya kazi kwa jeshi la Marekani huko Arizona, mahali pakavu kuliko Makambako kwa mbali, aliunganisha ethi ya maghala ya risasi na nondo za msingi wa zege, kwa kuwa zege lililo ardhini hushika unyevu. Miongo miwili baadaye ethi hizo zilikuwa bado na omu chache tu. Nyumba zenye msingi wa mawe au matofali bila nondo haziwezi kuitumia, lakini msingi wenye nondo ndani ya zege linalogusa udongo ni ethi inayolala bure. Angalizo ni moja: nondo ndani ya zege huitendea zinki kama kopa, hivyo ziunganishwe na fimbo iliyovikwa kopa, si galvanaizi.

## Jinsi ya kujua

Jaribio linalopendwa na mafundi wengi ni la balbu. Waya mmoja unaguswa kwenye fezi, mwingine kwenye ethi, na taa ikiwaka kazi imekubaliwa. Balbu ya kizamani ya wati 60 ina omu kama 880 ikiwa moto. Ukiiunganisha na ethi yetu ya omu 215, balbu inapata volti zaidi ya 180 na kuwaka vizuri tu. Taa ya LED itawaka hata ethi ikiwa mbovu mara kumi zaidi. Wakati huohuo jaribio lenyewe linapeleka volti 40 na ushei kwenye bodi za vifaa vyote. Kuwaka kwa balbu kunathibitisha kwamba waya haujakatika, basi.

Kitufe cha majaribio cha breka ya uvujaji nacho hakipimi fimbo. Kinapitisha umeme mdogo ndani ya breka yenyewe, na kitakata hata kama fimbo imeshaibiwa. Ni jaribio la lazima, lakini ni la breka. Isipokuwepo fimbo, breka hiyo itangoja hadi mtu aguse bodi ndipo ikate, kupitia mwili wake.

Ethi hupimwa kwa kipimo cha ethi chenye vijiti viwili. Waya wa nyumba unafunguliwa kwenye fimbo, umeme ukiwa umezimwa. Kijiti cha mbali kinachomekwa kama mita 30 kutoka kwenye fimbo, na cha kati karibu mita 18 na nusu, yaani asilimia 62 ya umbali huo, vyote katika mstari mmoja. Namba ikisomwa, kijiti cha kati kinasogezwa mita mbili mbele na mbili nyuma. Namba zikikaribiana, kipimo ni cha kuaminika. Zikitofautiana sana, vijiti viko karibu mno. Fundi mwenye leseni ya EWURA anapaswa kujua kazi hii, na mteja ana haki ya kuandikiwa namba pamoja na tarehe. Bila tarehe namba haina maana, kwa kuwa omu 60 za Februari zinaweza kuwa 180 za Oktoba.

## Mizani

Pesa ya mwenye nyumba ina mwisho, na ndiyo maana mpangilio wa matumizi una uzito kuliko jina la metali. Breka ya uvujaji ya miliampea 30 inatangulia, kwa sababu bila hiyo hakuna fimbo kati ya hizi tatu inayomlinda mpishi wa Septemba. Kinachofuata ni urefu: mita 2.4 ndani ya ardhi kama kiwango cha chini, zilizopigwa wima na bila kutikiswa, kwani fimbo inayoyumbishwa hupanua tundu lake na udongo mkavu haurudi kuikumbatia. Metali inakuja ya tatu.

Katika nafasi hiyo ya tatu, kwa ardhi kavu na ngumu ya Lyamkena, chuma kilichovikwa kopa cha mikroni 250 kinastahili chaguo la kwanza, na sababu si wekundu wake bali hesi na ugumu wake, vitu vinavyoiruhusu fimbo kushuka hadi kwenye unyevu. Galvanaizi nzito ni chaguo halali kwa bajeti ndogo, mradi isizungushiwe chumvi na mkaa na klempu yake ifunguliwe kila mwaka. Galvanaizi ya mita 2.4 inaishinda kopa tupu ya mita 1.2 mwezi wowote wa mwaka. Kopa tupu ibaki kwa udongo laini wenye chumvi, ambako inaingia bila kupinda na ambako zinki haidumu. Fimbo ya kupaka isinunuliwe kwa bei yoyote.

Kwa nyumba ambayo tayari ina fimbo ya futi nne, hakuna haja ya kuing'oa. Ipimwe mwishoni mwa Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Ikiwa chini ya omu 200 na breka ya uvujaji ipo, iachwe na kukaguliwa kila mwaka. Ikizidi, ipigwe fimbo ya pili ndefu zaidi, umbali wa mita 3 au zaidi kutoka ya kwanza, ya metali ileile ili zisilane, na zote mbili ziunganishwe kwa waya mmoja usiokatwa. Kisha kipimo kirudiwe siku hiyohiyo, vijiti vikiwa palepale.